Chaja ya Laptopu na Matundu ya Ukuta wa Ugenini

Muuzaji wa vifaa vya simu pale Kariakoo akikuuzia adapta ya safari ana maelezo mafupi: "Chukua hii, inaingia nchi zote." Hasemi uongo. Ile adapta ya plastiki yenye miguu ya kuchomoza na kurudisha ndani inaingia kweli, Dubai, Guangzhou, Hamburg hata Chicago. Kinachomsumbua msafiri mwenye laptopu ya mkopo begani ni swali linalofuata: umeme ukishapita humo, chaja itapona? Jibu fupi ni kwamba itapona, karibu kila mara. Jibu refu lina sehemu mbili, moja ya kutuliza moyo na nyingine ya kumfanya mtu aitazame upya ile adapta kabla hajailipia.

Tuanze na ukuta wenyewe. Duniani kuna aina 15 za plagi zinazotambuliwa kwa herufi, kuanzia A hadi O. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumezoea G, ile ya miguu mitatu bapa, ingawa katika nyumba za zamani za Tanzania bado utakuta D, yenye miguu mitatu ya mviringo. Omani na Falme za Kiarabu nao wanatumia G, ndiyo maana mfanyabiashara anayekwenda Dubai hubeba chaja yake kama ilivyo na kuichomeka hotelini bila kufikiri. Akielekea magharibi mambo hubadilika. Akivuka mpaka kwenda Bujumbura au Kongo anakutana na matundu mawili ya mviringo, kwa sababu huko nyaya za kwanza zilitandazwa na Wabelgiji, na kwetu zilisimamiwa na Waingereza. Wajerumani waliotangulia Tanganyika hawakuacha plagi yao kwa sababu nyepesi: walikuwa wameshaondoka kabla haijabuniwa.

Plagi yetu ya G inastahili maelezo kidogo, kwa kuwa tabia zake ndizo zinazotufanya tushangae tukifika kwa wenzetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliunda kamati ya kupanga namna nyumba zitakavyofungwa umeme baada ya vita. Katika kamati hiyo ya watu ishirini kulikuwa na mwanamke mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett, aliyesisitiza usalama wa watoto majumbani. Kiwango cha plagi kilichotokana na mipango ile kilitoka mwaka 1947. Shaba ilikuwa adimu, hivyo wakaamua waya mmoja uzunguke nyumba nzima na kurudi ulikoanzia, ukigusa soketi zote njiani, na fyuzi moja ya ampea 30 iulinde mzunguko wote. Lakini fyuzi ya ampea 30 haiwezi kulinda waya mwembamba wa redio; waya huo utawaka moto kabla fyuzi haijashtuka. Kwa hiyo kila plagi ikapewa fyuzi yake ndogo tumboni. Matundu ya soketi nayo yakawekewa vizibo vya ndani vinavyofunguka pale tu mguu mrefu wa juu unapotangulia kuingia, ili mtoto akichomeka msumari asifikie umeme.

Mjerumani alichukua njia nyingine. Plagi yake ya herufi F, maarufu kwa jina la Schuko, ilipatiwa hataza katika miaka ya 1920. Ina miguu miwili ya mviringo, na ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, ambao mafundi wetu huuita ethi, hauna mguu. Unagusana kupitia vipande viwili vya chuma vilivyo ubavuni, huku plagi nzima ikizama ndani ya soketi yenye kina kama kikombe. Mfaransa na Mbelgiji, wenye herufi E, wamegeuza mambo: kijiti cha ethi kinatoka kwenye soketi na kuingia katika tundu la plagi. Mmarekani ana vijiti viwili bapa na vyembamba, A, au hivyohivyo pamoja na cha tatu cha mviringo, B.

Tofauti kubwa zaidi haionekani kwa macho. Soketi ya Dar es Salaam, Hamburg au Guangzhou inatoa volti 220 hadi 240 hivi. Ya Marekani inatoa 120, na ya Japani 100. Mkondo wetu hugeuka mwelekeo kwa kipimo cha hezi 50, wa Marekani hezi 60. Adapta ya safari haigusi chochote katika hayo. Ndani yake mna vipande vya shaba tu vinavyounganisha mguu wa huku na tundu la kule. Ukichomeka upande mmoja volti 120, upande wa pili zinatoka 120. Maandishi kama "250V 10A" yaliyochongwa mgongoni mwake huwapotosha wengi, wakadhani kifaa kinageuza umeme. Maana yake ni kwamba plastiki na shaba zake zinavumilia hadi volti 250 na ampea 10, basi.

Kwa hiyo anayetakiwa kukubaliana na umeme wa ugenini ni chaja. Igeuze uisome. Chaja ya kawaida ya laptopu ya wati 65 huwa na maandishi ya namna hii:

```
INPUT: 100-240V~ 1.5A 50-60Hz
OUTPUT: 19.5V 3.34A
```

Mstari wa kwanza ndio pasipoti. Unasema chaja inapokea umeme wowote kuanzia volti 100 hadi 240, wa hezi 50 au 60, na humo zimo nchi zote nilizotaja. Mstari wa pili ni kile inachoipa kompyuta, na hicho hakibadiliki hata kidogo uwe Tokyo au Tabora. Mstari wa kwanza ukisema hivyo, adapta ya kubadili umbo inatosha. Ukikuta kifaa kimeandikwa volti 120 peke yake, au 230 peke yake, hiyo ni habari nyingine. Kwa laptopu za miaka hii ni nadra mno kukutana nacho.

Inawezekanaje boksi dogo namna hiyo lisijali kama limepewa volti 100 au 240? Mtu aliyekua na redio za zamani anakumbuka zile transfoma nzito za chuma zilizogawanya volti kwa uwiano uliopangwa kiwandani. Ukiipa nusu ya volti, inatoa nusu. Ukiipa mara mbili, inatoa mara mbili na pengine moshi juu yake. Transfoma ya namna hiyo ya kulisha laptopu ingekuwa na uzito wa karibu kilo moja au zaidi. Chaja ya leo inafanya kazi tofauti. Kwanza inaugeuza mkondo unaopishana kuwa mkondo wa upande mmoja na kuuhifadhi katika kapasita nono. Kwa umeme wa kwetu kapasita hiyo hujaa hadi volti 325 hivi, kwa kuwa 230 ni kipimo cha wastani na vilele vyake viko juu zaidi. Kwa umeme wa Marekani hujaa hadi 170. Kisha swichi ya kielektroniki inaukatakata umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha katika transfoma ndogo sana, kwani kadiri mikato inavyokuwa ya haraka ndivyo transfoma inavyoweza kuwa ndogo.

Upande wa kutokea kuna mlinzi anayepima volti bila kupumzika. Zikishuka chini ya 19.5, anaiambia swichi ikae wazi muda mrefu zaidi katika kila mkato; zikipanda, muda mfupi zaidi. Hapo ndipo tofauti ya nchi inapomezwa. Suala la hezi 50 au 60 lilishaisha kwenye hatua ya kwanza, mkondo ulipogeuzwa kuwa wa upande mmoja.

Jambo hili umelishuhudia nyumbani. Jioni umeme unapokuwa hafifu mtaani, ukashuka hadi volti 180, feni inazunguka kwa uvivu na pasi haipati moto. Laptopu inaendelea kuchaji kama kawaida. Chaja inafidia kwa kuvuta ampea nyingi zaidi ili ipate wati zilezile. Ndiyo sababu ile "1.5A" kwenye maandishi inatisha bure: hiyo ni hesabu ya hali mbaya kabisa, chaja ikiwa kwenye volti 100 na kompyuta ikila kwa nguvu zote. Ili kutoa wati 65 chaja inavuta kama 72 ukutani, nyingine ikipotea kama joto. Gawanya kwa volti 230, unapata theluthi moja ya ampea. Chaja ndogo huvuta umeme kwa mikupuo, hivyo kipimo halisi huwa juu kidogo, lakini bado hakifiki ampea moja. Adapta yoyote iliyotengenezwa kwa uaminifu inabeba mzigo huo bila hata kupata joto.

Uvumilivu huo una kikomo chake upande wa juu. Chaja nyingi hustahimili hadi karibu volti 264. Waya wa nyutro ukikatika kwenye nguzo ya mtaa wenye fezi tatu, nyumba moja inaweza kujikuta na volti 300 na zaidi, na hapo chaja hufa pamoja na televisheni na friji. Huo ni msiba wa nyumbani, adapta haihusiki.

Linganisha na draya ya nywele aliyoileta shangazi kutoka Marekani. Imeandikwa 120V, wati 1875. Ndani yake hakuna mlinzi wala swichi, ni waya wa kupasha moto tu. Ukiupa volti 230, mkondo unakaribia mara mbili, na kwa kuwa volti nazo zimekaribia mara mbili, nguvu inapanda karibu mara nne. Kwa sekunde chache inataka kuwa jiko la wati 6,900, kisha inakata roho. Vifaa kama hivyo vinahitaji kigeuza umeme, si adapta. Na hapa pana tahadhari inayokwenda kinyume na wanavyodhani wengi: usiichomeke laptopu kwenye vile vigeuzi vyepesi vinavyouzwa kwa ajili ya draya na pasi za safari. Vingi hupunguza umeme kwa kuukata vipande vikali, jambo ambalo waya wa moto haujali, lakini chaja inaweza kuungua. Mtu ananunua kitu cha bei zaidi ili ailinde kompyuta, kumbe ndicho kinachoihatarisha.

Mpaka hapa muuzaji wa Kariakoo ameshinda. Sasa turudi kwenye adapta yenyewe, maana upande wake dhaifu ni ethi.

Tazama pale waya wa ukutani unapoingia kwenye boksi la chaja. Ukikuta matundu mawili, umbo la namba nane, ule unaoitwa waya wa redio, chaja yako haitumii ethi kabisa. Imejengwa kwa kinga maradufu, na alama yake ni mraba ndani ya mraba iliyochapwa kwenye maandishi ya boksi. Chaja nyingi ndogo za kisasa zenye kichwa cha kuchomekwa ukutani moja kwa moja ni za kundi hili. Kwake adapta ya miguu miwili haipunguzi chochote. Ukikuta matundu matatu yaliyopangwa kama kichwa chenye masikio mawili, au yale makubwa ya waya wa kompyuta ya mezani, chaja yako inaitarajia ethi. Sasa ile adapta ya "nchi zote": ichunguze upande wa miguu ya Ulaya. Karibu daima ni vijiti viwili vitupu. Hakuna chuma ubavuni, hakuna tundu la kijiti cha Mfaransa. Mguu wa tatu wa plagi yako umeingia kwenye tundu la plastiki lisilokwenda popote.

Laptopu itachaji vizuri tu, na ndiyo maana watu hawagundui. Dalili huja kwa njia ya vidole. Ukipitisha mgongo wa kidole polepole juu ya mwili wa chuma wa kompyuta unasikia mtetemo mwororo, kama ngozi imekuwa na mchanga. Mwingine huhisi kuchomwachomwa kwenye kifundo cha mkono anapoandika. Kishale cha skrini kinarukaruka chenyewe chaja ikiwa imechomekwa, na kinatulia ikichomolewa. Fundi akigusisha testa kwenye chuma, kataa yake inawaka.

Chanzo ni kapasita mbili ndogo ndani ya chaja. Kazi yake ni kuzuia kelele za ile mikato ya haraka zisirudi kwenye nyaya za nyumba na kuvuruga redio za jirani. Moja inaunganisha waya wa moto na ethi, ya pili inaunganisha nyutro na ethi. Ethi ikiwepo, umeme kidogo unaopenya humo hutiririka ardhini kimyakimya. Ethi isipokuwepo, sehemu zilipokutana zinabaki zikielea katikati ya nyaya mbili, yaani nusu ya umeme wa ukutani: karibu volti 115 kwa Ulaya na kwetu, 60 kwa Marekani. Kwa kuwa ethi imeungana na upande wa chini wa kompyuta, mwili wake wa chuma unabeba volti hizo. Namba inatisha, lakini mkondo unaoweza kupita katika kapasita ndogo kama zile uko chini ya elfu moja ya ampea, kwa hiyo hauui. Hata chaja ya kinga maradufu huwa na mtetemo wa aina hii, kwa kuwa nayo ina kapasita yake ndogo. Hapo hakuna kasoro ya kurekebisha.

Kwa nini basi tujali? Kwanza, mkondo huo unatosha kuviumiza vifaa vingine. Ukiichomeka laptopu inayoelea kwenye projekta iliyo na ethi yake, zile volti zinashuka ghafla kupitia waya wa picha, na tundu lake linaweza kufa. Wanaorekodi sauti wanaujua mvumo unaoingia kwenye maikrofoni. Pili, na hili ni zito zaidi, ethi iliwekwa kwa ajili ya siku ya hitilafu. Kinga ya ndani ya chaja ikipasuka, ethi ndiyo inayotoa njia ya mkondo mkubwa kukimbilia ardhini na kuangusha sakiti breka. Bila hiyo, njia inayobaki ni mikono yako. Tukio hilo ni nadra kwa chaja halisi. Kwa chaja za kuiga zenye kinga nyembamba ndani sioni sababu ya kulibahatisha.

Tuseme sasa mwanafunzi anatoka Dar es Salaam kwenda Hamburg, miji ambayo ina undugu rasmi tangu 2010. Chaja yake ni ile ya wati 65, waya wa matundu matatu, plagi ya G. Umeme wa Hamburg ni volti 230 na hezi 50, sawa na alikotoka, kwa hiyo shida yake yote ni umbo. Adapta inayomfaa ina mwili wa mviringo unaozama ndani ya soketi ya Kijerumani, vipande vya chuma pande mbili, na tundu usoni kwa ajili ya kijiti cha Kifaransa. Hiyohiyo itamsaidia Paris, na siku akitumwa Bujumbura itamfaa pia. Adapta ya mraba haifai hata kabla ya kufikiria ethi: haizami ndani ya kile kikombe, inabaki inaning'inia kwa ncha za miguu, na uzito wa plagi ya G unaivuta chini. Mguso ukilegea, joto linaanza. Adapta iliyobeba chaja peke yake haina sababu ya kuwa na joto. Ukiigusa ikawa vuguvugu, ukasikia inatatarika, au ukaona doa la kahawia kuzunguka mguu wake, itupe.

Kuna jambo litakalomshtua siku ya kwanza. Soketi za Ujerumani kwa kawaida hazina swichi. Sisi tumezoea kuchomeka kwanza, kisha kuwasha. Kule, plagi inapogusa tu umeme, ile kapasita nono ya chaja iliyo tupu inajijaza kwa mkupuo mmoja, na mara nyingine cheche ya buluu na mlio mdogo hutokea ndani ya tundu. Haimaanishi shoti. Hata nyumbani cheche hiyo ipo, imejificha ndani ya swichi. Aisukume plagi kwa mkono thabiti, bila kusitasita katikati. Cheche ikiendelea baada ya plagi kukaa, hapo ndipo pana hitilafu.

Lakini kama mwanafunzi huyo angeniuliza mimi, ningemwambia adapta aitumie wiki ya kwanza tu. Waya unaotoka ukutani hadi kwenye boksi la chaja unachomoka, na ncha yake ya upande wa boksi ni ya kiwango kimoja duniani kote. Aende duka la vifaa vya umeme Hamburg, aonyeshe waya wake, anunue uleule wenye plagi ya Schuko. Ni bei ndogo. Hapo amepata ethi ya kweli na mguso imara, hana tena kipande cha plastiki cha kuning'inia, na chaja ni ileile aliyokuja nayo kutoka kwa mtengenezaji. Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou mara kwa mara afanye vivyo hivyo: waya wa Kichina wenye miguu mitatu bapa, miwili yake ikiwa imeinama, ukae mfukoni mwa begi.

Safari ya kurudi ina balaa lake, na hili nimeliona katika ofisi nyingi kuliko ninavyopenda. Laptopu imeletwa kutoka Ulaya, plagi yake ni ya miguu miwili ya mviringo, na soketi ya ukutani ni G. Mtu anachukua kalamu, anaisukuma kwenye tundu la juu, vizibo vinafunguka, kisha anapachika plagi kwenye matundu mawili ya chini. Kalamu inaachwa humo au inachomolewa, na laptopu inachaji. Ule mguu wa mviringo una unene wa milimita 4, na vyuma vya ndani ya soketi vimetengenezwa kukamata mguu bapa wenye upana wa milimita 6 na zaidi. Vinaugusa kwa ukingo mwembamba tu. Chaja moja inaweza kukaa hivyo miezi bila tukio, kwa sababu mkondo wake ni mdogo. Tatizo ni kwamba vyuma vilivyopanuliwa kwa upande havirudi mahali pake, na kesho soketi hiyohiyo inapewa birika la wati 2,000, karibu ampea 9. Hapo ndipo soketi inapoyeyuka, na lawama inakwenda kwa birika. Isitoshe plagi ile haina fyuzi, kwa kuwa kwao soketi hulindwa na breka ndogo. Kwetu nyuma ya ukuta inaweza kuwepo breka ya ampea 32, ambayo waya mwembamba wa chaja hautaiangusha hadi uwe umeungua.

Plagi kutoka Marekani ina nyongeza yake. Ukiisoma usoni mara nyingi utakuta imeandikwa 125V. Chaja inakubali 240, lakini waya wake ulithibitishwa kwa nusu ya hapo. Kuutumia kwa adapta kwenye umeme wetu kunafanikiwa kila siku majumbani, ila unatumia waya nje ya kile mtengenezaji alichokubali kuwajibika nacho.

Waya wa G wenye matundu matatu unapatikana Kariakoo, Nairobi na Kampala kwenye maduka yaleyale yanayouza adapta. Kabla ya kulipa, fungua kifuniko kidogo usoni mwa plagi na utoe fyuzi. Kwa waya mwembamba wa laptopu inatakiwa iwe ya ampea 3 au 5, na namba iandikwe kwenye kichuma chake. Ukikuta ya 13, badilisha. Ukikuta plagi haina fyuzi kabisa, au mguu wake mrefu ni wa plastiki ilhali chaja yako inataka ethi, mrudishie muuzaji, akupe mwingine. Pima na uzito mkononi: waya wenye shaba ya kutosha una uzito unaosikika, na ubavuni pameandikwa idadi na unene wa nyaya za ndani, kwa kawaida tatu za milimita za mraba 0.75. Usio na maandishi yoyote, hata ukiwa mzuri wa macho, uache palepale mezani.